Vidonge Vilihesabika, Dozi Haikuingia: Uchambuzi wa Kisa cha Zinki Iliyoyeyushwa Ndani ya Jagi la ORS

Mtoto wa kike wa miezi 14 aliletwa kliniki asubuhi akiwa ameharisha kwa siku mbili. Tangu siku iliyotangulia alikuwa amepata choo cha majimaji mara saba na kutapika mara mbili. Mama yake, aliyekuwa bado anamnyonyesha, alieleza bila kusitasita kwamba choo hakikuwa na damu. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.6, uzito ulikuwa kilo 9.0, na mzunguko wa mkono wa juu ulipopimwa kwa utepe ulikuwa sentimita 13.4, kipimo ambacho hakikuonyesha utapiamlo. Mtoto alikuwa na hali ya kulialia na kutotulia, macho yake yalikuwa yamedidimia kidogo, na kila alipopelekewa kikombe alikidaka na kunywa kwa pupa. Ngozi ya tumbo lake ilipofinywa kwa vidole viwili na kuachiwa, ilirudi polepole, ingawa haikuchukua zaidi ya sekunde mbili.

Dalili hizo zilitosha kuhukumu kwamba alikuwa na upungufu wa maji mwilini, lakini haujafikia ule mkali unaohitaji dripu. Angekuwa amelegea kiasi cha kutoamka vizuri, au ameshindwa kabisa kunywa, au ngozi yake ingechukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, uamuzi ungekuwa tofauti na kisa hiki kisingekuwa cha zinki tena. Alichohitaji ni maji ya ORS kwa kipimo maalumu chini ya uangalizi, kisha vidonge vya zinki. Alipewa vyote viwili. Siku ya sita aliporudi alikuwa ameacha kuharisha na anacheza, na idadi ya vidonge vilivyobaki ilitofautiana na ile niliyoitarajia kwa kidonge kimoja tu. Hata hivyo, tangu atoke kliniki mtoto huyo hakuwa amepata dozi kamili ya zinki hata siku moja. Kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa sababu kosa lilijificha mahali ambapo hesabu ya vidonge haifiki.

Saa nne za kwanza

Kipimo cha kumrudishia maji mtoto mwenye upungufu wa kadiri hii ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito, zinywewe ndani ya saa nne. Kwa kilo 9 hiyo ni mililita 675, yaani karibu mililita 170 kwa saa. Mama akisikia kiasi hicho kikitajwa kwa jumla huona ni kingi mno kwa mtoto anayetapika, na kweli kingekuwa kingi kama kingemiminwa kwa kikombe. Kikigawanywa, kinakuwa kijiko kimoja cha mililita 5 kila baada ya dakika moja hadi mbili, na tumbo lenye kichefuchefu hupokea kijiko mahali ambapo lingekataa kikombe. Mtoto alitapika mara moja katika nusu saa ya kwanza. Tulisubiri dakika kumi, tukaanza tena kwa mwendo wa polepole zaidi, naye hakutapika tena maji hayo. Katika saa ya tatu alikojoa. Saa nne zilipokwisha, ngozi ilikuwa inarudi mara moja, mtoto ametulia, na mizani ilisoma kilo 9.4.

Sababu ya maji hayo kufanya kazi iko katika uwiano wa vitu vilivyomo. Pakiti ya kuyeyushwa katika lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Utumbo unaoharisha hupoteza chumvi na maji kwa wingi, lakini mlango mmoja hubaki wazi: ule unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja. Vitu hivyo viwili vikiingia, maji huvifuata. Ndiyo maana pakiti haipaswi kugawanywa kwa kukadiria wala kuyeyushwa katika maji pungufu ya yale yaliyoandikwa juu yake, kwa kuwa mchanganyiko mzito kupita kiasi huweza kumzidishia mtoto chumvi badala ya kumrudishia maji. Katika orodha ile ya vitu vinne, zinki haimo. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa maana kosa la kisa hiki lilitokana na dhana kwamba vitu vinavyokuja katika kisanduku kimoja ni dawa moja.

Kidonge cha kwanza

Kidonge cha kwanza cha zinki kilitolewa pale kliniki baada ya saa zile nne. Kwa mtoto huyu dozi ya kawaida ilikuwa miligramu 20, mara moja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Hiyo ndiyo dozi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika tamko lao la pamoja la mwaka 2004 kwa watoto wa miezi sita na kuendelea, na kwa walio chini ya miezi sita ni miligramu 10, ambayo ni nusu ya kidonge. Vidonge vingi vya watoto huwa na miligramu 20 na hutengenezwa ili vivunjike haraka ndani ya majimaji, ingawa mtu hapaswi kudhani hivyo bila kusoma pakiti.

Muuguzi aliweka kidonge kwenye kijiko, akaongeza maji safi kiasi cha kukifunika, akasubiri kwa muda mfupi hadi kikavunjika chote, kisha akamnywesha mtoto. Baada ya hapo aliongeza maji kidogo kwenye kijiko kilekile, akakizungusha, na kumpa mtoto mabaki yaliyokuwa yameshikilia kando. Hatua hii ya mwisho huachwa na wengi, nami huisisitiza, kwani unga unaobaki kwenye kijiko ni sehemu ya dozi.

Dakika kumi na tano baadaye mtoto alitapika. Mama aliogopa, akasema, “Daktari, dawa hii imemkataa.” Nilimweleza kwamba zinki ina ladha ya chuma ambayo vidonge vya watoto hujaribu kuificha, na kwamba baadhi ya watoto hutapika muda mfupi baada ya kuipokea, hasa dozi ya kwanza na hasa tumboni mukiwa hamna kitu. Mtoto wake alikuwa hajala tangu alfajiri. Tulimwacha anyonye, tukasubiri, kisha tukarudia kidonge kingine, kwa kuwa dozi iliyotapikwa ndani ya nusu saa huhesabiwa kuwa haijaingia. Cha pili kilikaa. Kwa hiyo siku ya kwanza vidonge viwili vilitoka kwenye pakiti ya vidonge kumi, na mama akaondoka na vinane.

Maelekezo aliyopewa yalikuwa yale ya kawaida. Ampe ORS mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kiasi kinachowafaa watoto walio chini ya miaka miwili, aendelee kumnyonyesha na kumlisha, ampe zinki kidonge kimoja kila siku hadi viishe, kisha arudi siku ya sita. Aliambiwa arudi mapema zaidi iwapo mtoto atashindwa kunywa au kunyonya, atapata homa, ataonekana kuzidiwa, au damu itaonekana kwenye choo. Aliyarudia maelekezo hayo kwa maneno yake mwenyewe na hakukosea neno hata moja.

Siku ya sita

Aliporudi, mtoto alikuwa na kilo 9.5, ngozi na macho yake yalikuwa ya kawaida, na choo kilikuwa kimeshikana tangu usiku wa siku ya nne. Nilitoa vidonge kwenye pakiti nikavihesabu: vilikuwa vitano. Kwa hesabu yangu vilipaswa kuwa vinne, kwa sababu kati ya vile vinane kimoja kimoja kilipaswa kutumika siku ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, na kile cha siku ya sita kilikuwa hakijafikiwa. Kimezidi kimoja. Katika kliniki yenye foleni ndefu, mhudumu angesema kwamba siku moja imerukwa, angeonya kwa upole, na kumruhusu mama aende. Nakiri kwamba nilikaribia kufanya hivyo.

Kilichonizuia ni desturi ambayo mwenzangu mmoja alinifundisha, ya kutouliza “Je, ulimpa?” bali kusema “Nionyeshe unavyompa.” Mama alichukua jagi lililokuwa mezani, akaelekeza kidole ndani yake na kueleza kwamba kila asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita moja, akamimina pakiti ya ORS, akadondosha kidonge cha zinki na kukoroga mpaka kikapotea. Mtoto alikunywa humo siku nzima. Asubuhi iliyofuata alimwaga kilichobaki, kama alivyoelekezwa, kwa kuwa ORS iliyokwisha kuchanganywa haipaswi kutumiwa baada ya saa 24, akatengeneza nyingine.

Hakukuwa na uzembe wowote katika maelezo hayo. Kila sentensi aliyoambiwa aliitekeleza: kidonge kilivunjwa ndani ya majimaji safi, kilitolewa kila siku, na maji ya jana yalimwagwa. Alichokosa kuambiwa ni kwamba kidonge kinahitaji chombo chake. Alipomwona muuguzi akikivunja kwenye kijiko, alidhani ni kwa sababu pale kliniki jagi lilikuwa limekwisha tumika. Na kwa kuwa vitu vyote viwili vilitoka kwenye kisanduku kimoja, alidhani vimewekwa pamoja ili vichanganywe pamoja. Kufungasha ORS na zinki kwa pamoja ni utaratibu mzuri, na tangu mwaka 2019 kisanduku cha namna hiyo kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani; ila kisanduku chenyewe hakisemi kwamba yaliyomo ndani yake yana njia mbili za matumizi.

Hesabu ya kilichoingia

Nilimuuliza mtoto alikunywa kiasi gani kila siku. Mama aliweza kukadiria kwa mistari ya jagi: siku ya pili kama mililita 450, siku ya tatu kama 300, na siku ya nne kama 100 tu, kwa sababu choo kilikuwa kimepungua na mtoto alikuwa anakisukuma kikombe. Siku ya tano hakutengeneza maji kabisa, maana choo kilikuwa kimeshikana, na kwa hiyo kidonge hakikutolewa pia.

Tukichukulia kwamba miligramu 20 zilienea sawasawa katika mililita 1,000, kila mililita 50 zilibeba miligramu 1. Siku ya pili mtoto alipata takriban miligramu 9, siku ya tatu 6, siku ya nne 2, na siku ya tano hakupata kitu. Katika siku nne ambazo alipaswa kupokea miligramu 80, alipokea kama 17, na zilizobaki zilimwagwa asubuhi pamoja na maji ya jana. Hesabu hii yenyewe ina ukarimu, kwa sababu unga wa kidonge huelekea kutuama chini ya chombo kisipokorogwa kila mara, na mtoto alichotewa kutoka juu.

Mteremko wa namba hizo, yaani 9, 6, 2, kisha sifuri, unafundisha zaidi ya jumla yake. Zinki ilikuwa imefungwa kwenye kamba moja na ORS, na ORS kwa asili yake hupungua kadiri mtoto anavyopona, kwa kuwa kazi yake ni kurudisha kilichopotea kwa siku ileile: choo kikipungua, maji yanayohitajika hupungua, na choo kikishikana, hayahitajiki tena. Zinki haikuwekwa kufuata mwendo huo. Kiasi chake hakitegemei mara ambazo mtoto ameharisha leo wala kiu yake. Ni miligramu zilezile siku ya kwanza mtoto akiwa hoi na siku ya kumi akiwa anakimbia. Kuviweka vyote viwili katika jagi moja ni kuikabidhi dozi ya dawa mikononi mwa kiu ya mtoto, na kiu huisha mapema.

Kuna madhara ya upande wa pili ambayo sikuweza kuyathibitisha, lakini sitaki kuyapuuza. Mama alisema mtoto alikuwa akikunja uso kila alipoonja maji hayo kuanzia siku ya pili, ilhali kliniki aliyanywa kwa pupa. Inawezekana kwamba kiu ilikuwa imepungua tu. Inawezekana vilevile kwamba ladha ya zinki iliharibu maji yote, na kwamba kama upungufu wa maji ungerudi, mtoto angekataa kinywaji pekee kilichoweza kumwokoa. Mtoto akilikataa jagi, jambo la kwanza la kuuliza ni nini kingine kimetiwa ndani yake.

Kwa nini iendelee baada ya choo kushikana

Mama aliuliza swali ambalo kila mzazi mwenye akili angeuliza: “Kama ameshapona, vidonge hivi vilivyobaki vinatibu nini?” Jibu la kwamba mwongozo unasema hivyo halimridhishi mtu anayemlazimisha mtoto mwenye afya kumeza kitu chenye ladha ya chuma.

Nilimjibu hivi. Mtoto anapoharisha hupoteza zinki kwenye choo, na mwili hauna ghala kubwa la kuihifadhi zinki kama unavyohifadhi baadhi ya virutubisho vingine. Inategemea kinacholiwa siku kwa siku, na mtoto mgonjwa hula kidogo. Zinki hiyo ndiyo inayohitajika katika kujenga upya ukuta wa ndani wa utumbo na katika kazi za kinga ya mwili. Choo hushikana kabla kazi hiyo haijakamilika. Siku za mwanzo za zinki hufupisha ugonjwa uliopo, wakati siku zinazofuata hurudisha kilichopotea, na tamko lile la mwaka 2004 lilieleza kwamba mtoto aliyemaliza siku 10 hadi 14 hupunguziwa uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili hadi mitatu inayofuata. Aliyeacha siku ya nne kwa sababu choo kimeshikana amechukua sehemu ya kwanza ya faida na kuiacha ya pili.

Ni haki pia kusema faida hiyo ya kwanza ni ya kiasi gani, kwa sababu kuahidi kupita kiasi huwafanya wazazi waitupe dawa siku ya pili wanapoona mtoto bado anaharisha. Majaribio yaliyokusanywa yanaonyesha kwamba kwa watoto waliozidi miezi sita zinki hufupisha kuharisha kwa karibu nusu siku, na kwa wenye utapiamlo karibu siku nzima. Kwa walio chini ya miezi sita, faida hiyo haijaonekana wazi katika majaribio, ingawa tamko la mwaka 2004 liliwapendekezea dozi ya miligramu 10. Kwa hiyo zinki haizuii choo papo hapo, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Haizibi pia pengo la maji: mtoto aliyepewa zinki bila ORS anaweza kufa kwa kukaukiwa maji huku dozi yake ya zinki ikiwa kamili kabisa.

Je, miligramu 9 au 6 alizopata mtoto huyu ni kazi bure? Sidhani. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika New Delhi na Dar es Salaam kwa watoto 4,500 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, likilinganisha miligramu 20, 10 na 5 kwa siku, kwa siku 14. Dozi ndogo hazikuwa dhaifu kuliko ile kubwa katika kupunguza kuharisha, na watoto waliotapika ndani ya nusu saa walikuwa karibu mmoja kati ya watano kwa miligramu 20, lakini karibu mmoja kati ya saba kwa miligramu 5. Matokeo hayo yamefungua upya mjadala wa dozi, na mhudumu anapaswa kusoma mwongozo unaotumika sasa mahali pake pamoja na uzito ulioandikwa kwenye vidonge alivyonavyo. Hata hivyo, jaribio hilo halimtetei mtu aliyeweka kidonge kwenye jagi. Watoto wale walipewa dozi ndogo iliyopimwa, ileile kila siku, kwa siku zote 14. Mtoto wetu alipata dozi iliyoshuka kila siku na kukoma siku ya tano, na hakuna aliyeipanga iwe hivyo.

Marekebisho

Tulipaswa kuamua jinsi ya kuhesabu siku zilizopita. Sikuona mwongozo unaozungumzia zinki iliyopotelea kwenye jagi, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wangu na ninaueleza ili upimwe. Nilihesabu dozi moja tu kuwa imeingia kikamilifu, ile ya kliniki siku ya kwanza. Nilizichukulia zile za siku ya pili hadi ya nne kama ambazo hazikutolewa, kwa sababu kiasi chake hakikujulikana kwa hakika. Ili mtoto afikishe dozi kumi kamili alihitaji tisa zaidi, na kuanzia siku ya sita hadi ya 14 ni siku tisa. Kwa bahati njema, hesabu ilimalizikia ndani ya kipindi kilekile cha siku 14, hivyo hakuna aliyelazimika kurefusha matibabu nje ya muda wa kawaida. Tuliongeza vidonge vinne kwenye vile vitano.

Sikumshauri mama afidie kwa kutoa viwili kwa siku. Zinki nyingi kwa mkupuo mmoja huongeza kutapika, na mtoto aliyekwisha kutapika dozi ya kwanza si wa kujaribiwa. Aliyesahau siku moja aendelee kesho na kidonge kimoja, na siku iliyosahaulika iongezwe mwishoni.

Safari hii muuguzi hakumwonyesha mama. Alimkabidhi kijiko na kidonge na kumwomba ampe mtoto yeye mwenyewe mbele yetu, baada ya kumnyonyesha. Mama alifunika kidonge kwa maziwa yake aliyokamua kidogo, akasubiri, akamnywesha, akasuuza kijiko na kumpa mabaki. Mtoto hakutapika. Ikumbukwe kwamba si vibaya kukivunja kidonge kwa ORS, mradi iwe ORS ya kijiko kimoja inayomezwa yote kwa mara moja. Shida ilikuwa ukubwa wa chombo na kutokuwa na hakika kwamba chote kitanyweka.

Tulibadilisha pia jinsi tunavyokabidhi kisanduku. Hapo awali tulikitoa kikiwa kimefungwa. Sasa kinafunguliwa mezani, pakiti za ORS zinawekwa upande mmoja pamoja na jagi na vidonge upande mwingine pamoja na kijiko, na mama anaelezwa kwamba jagi linakoma choo kikishikana lakini kijiko kinaendelea. Juu ya pakiti ya vidonge tunaandika tarehe ya kidonge cha mwisho. Kwa mtoto huyu iliandikwa tarehe ya siku ya 14. Neno “hadi viishe” tuliliacha, kwa sababu kidonge kikitapikwa na kurudiwa, vidonge huisha kabla ya siku kutimia.

Mipaka ya kisa hiki

Njia iliyofuatwa hapa inamhusu mtoto mwenye choo cha majimaji, asiye na damu kwenye choo na asiye na utapiamlo mkali. Choo kikiwa na damu, zinki huendelea kutolewa, lakini mtoto huhitaji kuchunguzwa na kupewa antibayotiki kwa mujibu wa mwongozo. Kuharisha kukidumu siku 14 au zaidi, kuna mambo mengine ya kutafuta, na kurudia pakiti nyingine ya zinki nyumbani bila kurudi kliniki ni kupoteza muda. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapaswi kurudishiwa maji kwa ORS ya kawaida kwa mazoea tu, kwa kuwa yako maji yaliyotengenezwa mahususi kwa hali yake. Tena, vyakula tiba anavyopewa, kama vile maziwa ya F-75, tayari vina zinki ndani yake, hivyo vidonge haviongezwi juu yake.

Mama alirudi siku ya 15 bila kuitwa upya, akiwa na pakiti tupu na kijiko kilekile, ambacho alisema hakukitumia kwa kazi nyingine. Mtoto alikuwa na kilo 9.6. Alikuwa ametapika kidonge mara moja tu, siku ya nane, dakika arobaini baada ya kukimeza. Mama hakukirudia, na alikuwa sahihi.